Sokrates mikononi mwa wanafunzi wake

Siku Sokrates alipokunywa sumu katika gereza la Athene, mwaka 399 KK, marafiki walijaa chumbani. Mwanafunzi wake Plato anawataja kwa majina katika kitabu kiitwacho Faidoni: Krito, rafiki wa miaka mingi; Apolodoro, ambaye hakuweza kujizuia kulia; Antisteni; Euklide, aliyefunga safari kutoka mji wa Megara; na wengine kadhaa. Katikati ya orodha hiyo msimulizi anapenyeza jambo dogo: Plato mwenyewe hakuwapo. Nadhani, anasema, alikuwa mgonjwa.

Mwanafunzi wa pili ambaye maandiko yake yametufikia, Ksenofoni, alikuwa mbali zaidi. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amejiunga na mamluki wa Kigiriki waliokodiwa na mwanamfalme wa Uajemi, na mwalimu wake alipohukumiwa, yeye alikuwa bado huko Asia.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Hapa mambo yamegeuka: waliokuwapo chumbani, ya kwao karibu yote yamepotea, na wasiokuwapo ndio waliotuachia picha ya kifo hicho. Sokrates mwenyewe hakuacha hata kitabu kimoja. Alizungumza tu, miaka nenda miaka rudi, sokoni, viwanjani na nyumbani kwa watu. Waliomjua akiwa hai na ambao maandiko yao kamili tunayo ni watatu: Plato, Ksenofoni, na mtunzi wa vichekesho Aristofane, ambaye alimdhihaki. Wa nne, Aristoteli, alizaliwa miaka 15 baada ya mzee kuzikwa.

Kwa hiyo kila habari ya maisha yake lazima iulizwe maswali kama shahidi kizimbani. Nani kaisema? Alikuwapo? Na kuisema hivyo kulimfaa nini? Habari wanayokubaliana wapinzani ina uzito. Habari inayotokea pale tu msimulizi anapoihitaji inatia shaka.

Miaka ya kwanza, 469 hadi 432 KK

Hakuna daftari la vizazi. Mwaka wa kuzaliwa unapatikana kwa kuhesabu kurudi nyuma: Plato anamfanya mzee aseme mahakamani kwamba ana miaka 70, na kesi ilikuwa mwaka 399, basi alizaliwa yapata 469. Mtaa wao uliitwa Alopeke, nje kidogo ya kuta za mji upande wa kusini mashariki, na kabila la kiraia alilohesabiwa ndani yake liliitwa Antiokisi. Jina hilo la Antiokisi litarudi baadaye.

Baba yake alikuwa Sofronisko. Waandishi wa baadaye wanasema alikuwa mchonga mawe, jambo linaloelekea kuwa kweli, maana Athene ya wakati ule iliwahitaji sana mafundi hao. Hekalu kuu la Parthenoni lilianza kujengwa mwaka 447, Sokrates akiwa kijana wa miaka 22 hivi, na kazi ya mwisho juu yake ilikamilika mwaka 432.

Mama yake, Fainarete, anatajwa na Plato kuwa alikuwa mkunga. Hapa panataka hadhari. Habari hiyo inakuja katika mazungumzo ambamo Sokrates anajifananisha na mkunga: yeye hazai mawazo, ila anawazalisha wengine mawazo yao na kuangalia kama mtoto ni mzima. Isitoshe, jina la mama kwa Kigiriki linabeba maana ya kudhihirisha wema. Huenda mama alikuwa mkunga kweli, na mfano ukatokana na kazi yake. Huenda pia mfano ulitangulia, na kazi ikafuata.

Sura yake haina mashaka ya namna hiyo. Pua bapa, macho yaliyotokeza, shuka moja la kujitanda majira yote, miguu mitupu. Plato na Ksenofoni wote wawili wanataja pua na macho, na habari ya kutembea bila viatu imo hata kwa Aristofane, ambaye hakuwa na sababu ya kukubaliana nao. Mashahidi watatu wenye nia tofauti wanapoona jambo moja, tulichukue.

Vita na jukwaa, 432 hadi 422 KK

Athene na Sparta ziliingia vitani mwaka 431, na moto ulikwishaanza kuwaka mwaka mmoja nyuma huko Potidaia, mji wa kaskazini ulioasi utawala wa Athene. Sokrates, akikaribia miaka 40, alikwenda huko kama askari wa miguu mwenye silaha nzito. Baadaye alipigana Delioni mwaka 424, na Amfipoli.

Jambo hili linatufundisha kitu kuhusu mfuko wake. Askari wa aina hiyo alijinunulia mwenyewe ngao, mkuki na kofia ya shaba. Fukara hakuweza. Basi yule maskini wa miguu mitupu tunayemkuta baadaye alianza na mali ya kiasi, na umaskini wake, kwa sehemu kubwa, ni matokeo ya kazi aliyoichagua, isiyomletea hata senti.

Kutoka Potidaia zilibaki hadithi mbili. Ya kwanza ni kwamba alimwokoa kijana tajiri na mrembo, Alkibiade, aliyejeruhiwa, kisha akasisitiza tuzo ya ushujaa apewe kijana huyo. Ya pili ni ya ajabu zaidi: asubuhi moja alisimama akifikiri jambo, mchana ukamkuta palepale, askari wakatoa malazi yao nje ili wamwangalie kama atakesha, naye akasimama hadi jua la kesho yake lilipochomoza, akalisalia, akaenda zake. Zote mbili Plato anazitia kinywani mwa Alkibiade, akiwa amelewa karamuni.

Plato alizaliwa miaka michache baada ya kuzingirwa kwa Potidaia kuanza. Alichokijua ni masimulizi. Na hapa ndipo penye pengo kubwa la historia hii: wanafunzi wote wawili walimkuta Sokrates akiwa mzee. Mtu wa miaka 40 na kitu, mwenye nguvu zake, hawakumwona. Aliyemwona na kumwandika wakati huohuo, na kazi yake ikatufikia nzima, ni mmoja tu, naye alikuwa mchekeshaji.

Mwaka 423, Aristofane alipeleka mchezo wake Mawingu kwenye mashindano ya sikukuu ya mungu Dioniso. Humo Sokrates ana shule ya kulipia. Anaonekana mara ya kwanza akining'inia hewani ndani ya kikapu, ili awe karibu na jua analolichunguza. Anafundisha kwamba anayeleta mvua ni mawingu, si mungu Zeu, na wanafunzi wake wanajifunza namna ya kuifanya hoja mbovu ishinde hoja nzuri. Mkulima mwenye madeni anampeleka mwanawe huko ajifunze kuwakwepa wadai. Kijana anarudi akiwa mjuzi, anampiga baba yake, halafu anathibitisha kwa hoja kwamba ana haki ya kumpiga. Mwisho baba anaichoma moto shule.

Mchezo ulishika nafasi ya tatu kati ya mitatu. Aristofane aliudhika, akauandika upya kwa sehemu, na nakala tuliyo nayo leo ni hiyo iliyorekebishwa.

Je, tumwamini? Wanafunzi wanakana katakata kwamba mwalimu wao alitoza ada, na umaskini wake unawaunga mkono. Kuhusu jua na mawingu, Plato mwenyewe anakiri kwamba Sokrates aliwahi kuvutiwa na elimu ya maumbile katika ujana wake, kisha akaiacha. Mchekeshaji alichukua mbegu ya kweli akaikuza. La maana zaidi ni kilichofuata: watoto waliocheka uwanjani mwaka ule walikuwa watu wazima wenye haki ya kupiga kura mwaka 399. Katika utetezi ulioandikwa na Plato, mzee anasema washitaki wake wa hatari si hawa walio mbele yake, bali wale wa zamani waliowajaza watu maneno tangu utotoni, na anakitaja kichekesho hicho.

Sokoni

Alifanya nini hasa siku nzima? Aliuliza. Alimkamata jemadari akamuuliza ushujaa ni nini, au mtu wa dini akamuuliza uchaji ni nini. Jibu lilipokuja, aliomba mfano, kisha mfano uliolipinga, mpaka mwenye jibu akajikuta anayakana maneno yake ya mwanzo. Vijana wenye nafasi walipenda kutazama wakubwa wakiumbuka, nao wakaiga mtindo huo nyumbani kwao. Mtu anaweza kufikiri jinsi baba zao walivyolipokea jambo hilo.

Kwa nini alianza? Plato ana hadithi. Rafiki yake Kerefoni alikwenda kwenye hekalu la Delfi akauliza kama kuna mwenye hekima kumzidi Sokrates, na kuhani akajibu kwamba hakuna. Sokrates, akijua kwamba hajui, akaenda kuwahoji wanasiasa, washairi na mafundi ili amtafute mtu wa kulikanusha neno hilo. Aligundua kuwa wote walidhani wanajua wasichokijua, na kuwa yeye aliwazidi kwa hilo tu, kwamba hakudhani.

Ksenofoni anayo hadithi hiyohiyo, lakini kwake jibu la Delfi ni tofauti: hakuna aliye huru zaidi, mwadilifu zaidi wala mwenye kiasi zaidi kuliko Sokrates. Kutojua hakutajwi kabisa. Swali moja, mtu mmoja, majibu mawili, na kila jibu linafanana na mwandishi wake: Plato alikuwa mtu wa fikra, Ksenofoni askari na mwenye shamba aliyeheshimu nidhamu. Kinachobaki baada ya kuyapambanisha ni kwamba wafuasi wa Sokrates waliamini Kerefoni alikwenda Delfi na kurudi na neno la sifa.

Wakati mwingine ardhi yenyewe hutoa ushahidi. Diogene Laertio, mwandishi aliyekuja zaidi ya miaka 500 baadaye, anamtaja mshona viatu aitwaye Simoni ambaye Sokrates alipenda kuketi kibandani mwake, na ambaye aliyaandika mazungumzo hayo baada ya mgeni kuondoka. Maandishi yake hayapo. Lakini katika miaka ya 1950 wachimbaji wa mabaki ya soko la Athene walifukua nyumba ndogo pembeni kabisa mwa soko, karibu na jiwe la mpaka. Sakafuni palikuwa na misumari midogo mingi ya kupigilia soli na pete za mfupa za kupitishia kamba za viatu. Karibu na hapo kilipatikana kitako cha kikombe kilichokwaruzwa jina kwa Kigiriki, likimaanisha kwamba ni cha Simoni. Kikombe si ushahidi kwamba Sokrates aliketi pale. Ila mshona viatu mwenye jina hilo, mahali hapo, wakati huo, si wa kubuniwa tena.

Kushindwa vita, 406 hadi 403 KK

Sokrates alikwepa siasa, lakini zamu ya kiraia ilimkuta. Mwaka 406 alikuwa mjumbe wa Baraza la watu 500, na kabila lake la Antiokisi ndilo lililokuwa zamu ya kusimamia mikutano. Meli za Athene zilikuwa zimeshinda vita vya baharini karibu na visiwa vya Arginusai, ila dhoruba ilizuia kuwaokoa mabaharia waliozama, na umma ukataka majemadari wauawe. Pendekezo likaletwa wahukumiwe wote kwa kura moja, kinyume cha sheria iliyomtaka kila mtu asikilizwe peke yake. Wasimamizi wengine waliogopa kelele, wakakubali kulipigisha kura. Sokrates alikataa.

Plato na Ksenofoni wanakubaliana hapo. Wanaachana kwenye vijambo: Plato anasema majemadari walikuwa kumi, Ksenofoni anawataja wanane kwa majina, na sita waliorudi mjini waliuawa. Katika kazi moja Ksenofoni anamfanya Sokrates kuwa mwenyekiti wa siku hiyo, katika nyingine anasema tu alikuwa mmoja wa wasimamizi aliyegoma. Mapambo yanaongezeka hata katika mkono wa mwandishi mmoja.

Mwaka 404 Athene ilisalimu amri. Sparta iliweka utawala wa watu thelathini, na kiongozi wao mkali alikuwa Kritia, ndugu wa mama yake Plato, mtu aliyewahi kuandamana na Sokrates. Katika muda wa miezi minane hivi waliua raia wapatao 1,500. Siku moja walimwita Sokrates na wengine wanne, wakawaamuru waende kisiwa cha Salami kumkamata mtu aitwaye Leoni ili auawe. Wanne walikwenda. Sokrates akarudi nyumbani. Hakumwonya Leoni, wala hakupiga kelele; alikataa tu kushiriki, na Leoni aliuawa. Hilo nalo liko kwa wanafunzi wote wawili, na kwa maoni ya mwandishi wa makala haya linaaminika zaidi kwa sababu halimkwezi sana: shujaa wa kubuniwa angefanya zaidi ya kwenda nyumbani.

Demokrasia ilirudi mwaka 403, na kwa hekima ya wakati ule ikatangazwa kwamba hakuna atakayeshitakiwa kwa makosa ya kisiasa ya nyuma. Kritia alikuwa ameshakufa vitani. Alkibiade naye, ambaye aliwahi kuhamia upande wa Sparta, alikuwa ameuawa. Aliyebaki mtaani, akiuliza maswali yake kama kawaida, ni mwalimu wao.

Kesi, 399 KK

Washitaki walikuwa watatu. Meleto, kijana asiyejulikana sana, ndiye aliyefungua shauri. Likoni alikuwa msemaji wa hadhara. Mzito wao alikuwa Anito, tajiri wa kiwanda cha ngozi na mmoja wa viongozi waliowang'oa wale thelathini. Maneno ya hati ya mashitaka tunayo kwa njia ya Favorino, msomi wa karne ya 2 BK, aliyesema ilikuwa bado imehifadhiwa Athene katika nyumba ya kumbukumbu za dola. Makosa: hatambui miungu inayotambuliwa na mji, anaingiza mambo mapya ya kiroho, na anawaharibu vijana. Adhabu iliyoombwa: kifo. Kritia hatajwi, wala Alkibiade. Msamaha wa mwaka 403 ulizuia. Lakini mwaka 345, msemaji mmoja aitwaye Aiskine aliwakumbusha raia mahakamani, kama jambo wanalolijua wote, kwamba walimwua Sokrates kwa sababu alimfundisha Kritia.

Kesi ilisikilizwa kwa siku moja mbele ya raia wapatao 500 waliopatikana kwa kura. Hapakuwa na hakimu wa kitaaluma wala wakili. Muda ulipimwa kwa saa ya maji, chungu chenye tundu chini. Kimoja cha wakati huo kimefukuliwa sokoni Athene: kinachukua lita sita na ushei, maji yake yanakwisha kwa dakika sita hivi, na ubavuni kimeandikwa jina la Antiokisi, kabila la Sokrates.

Plato anasema kura 30 tu zingehama, mzee angeachiwa. Hiyo ni kusema waliomtia hatiani walikuwa 280 hivi, na waliomtetea 220. Kisha ikaja hatua ya pili. Sheria haikuweka adhabu kwa kosa hilo; mshitaki alipendekeza yake, mshitakiwa yake, na mahakama ikachagua moja kati ya hizo mbili bila kubuni ya tatu. Mshitakiwa mwenye akili angetaja uhamisho, na labda angepona.

Hapa mashahidi wetu wanagongana uso kwa uso. Kwa Plato, mzee alisema kwanza kwamba anachostahili ni kulishwa bure kwa gharama ya mji, kama washindi wa michezo ya Olimpia. Halafu akataja faini ya mina moja, yaani drakma 100, kiasi ambacho fundi angekipata kwa kufanya kazi siku mia. Mwisho, kwa kusukumwa na rafiki zake, akafikisha mina 30, na wadhamini wakatajwa: Plato mwenyewe, Krito, Kritobulo na Apolodoro. Kwa Ksenofoni, Sokrates hakutaja adhabu yoyote wala hakuwaruhusu rafiki zake waitaje, kwa kuwa kufanya hivyo kungekuwa kukiri kosa.

Tumwamini nani? Ksenofoni hakuwapo, naye anasema wazi kwamba habari alizipata kwa rafiki wa Sokrates, Hermogene. Tena ana jambo la kuthibitisha: kwamba mzee aliona ni heri afe kabla ya uzee kumnyang'anya macho na masikio, na kwa hiyo alijibu kwa majivuno makusudi. Kutotaja adhabu kunaikamilisha hoja hiyo. Plato alikuwapo. Aliandika kwa ajili ya mji ambamo mamia ya waliopiga kura walikuwa bado hai, na alitaja jina lake kama mdhamini wa fedha. Uongo wa aina hiyo ungemwaibisha upesi. Hotuba anaweza kuwa ameipamba, na hapana shaka aliipamba. Ila mina 30 na wadhamini wanne yaelekea ndivyo ilivyokuwa.

Diogene Laertio anaongeza kwamba katika kura ya pili waliotaka kifo waliongezeka kwa 80. Kama ni kweli, basi watu 80 waliosema hana hatia walibadilika wakataka auawe baada ya kusikia habari ya kulishwa bure.

Hakuuawa papo hapo. Kila mwaka Athene ilipeleka meli ya ibada kisiwani Delo, na mpaka irudi hakuna aliyeruhusiwa kunyongwa wala kupewa sumu. Meli ilikuwa imepambwa kwa safari siku moja kabla ya kesi. Ksenofoni anataja siku 30 za kungoja. Krito aliandaa hongo za kumtorosha, naye akakataa kutoka.

Sumu yenyewe Plato anaiita dawa tu. Ni kwa vyanzo vingine tunajua Athene ilitumia mmea wa jamii moja na karoti na giligilani. Ulisagwa, ukachanganywa ndani ya kikombe. Alikunywa, akatembea chumbani hadi miguu ikawa mizito, akalala chali. Mlinzi alimfinya mguu akauliza kama anasikia, hakusikia. Ganzi ikapanda. Kabla ya mwisho alimkumbusha Krito kwamba wanadaiwa jogoo wa kumtolea Asklepio, mungu wa uponyaji, asisahau kulipa. Mkewe Ksantipe alikuwa amekwishaondolewa chumbani. Sokrates aliacha watoto watatu wa kiume, wawili bado wadogo.

Vita vya kalamu, 393 KK na kuendelea

Mtu mwenyewe alikuwa ameondoka, ndipo wino ukaanza kumwagika. Miaka michache baadaye mwalimu wa usemaji aitwaye Polikrate alitunga hotuba ya mashitaka dhidi ya Sokrates, kana kwamba ni maneno ya Anito siku ya kesi, na ndani yake akamtwika marehemu madhambi ya Kritia na Alkibiade. Wapo waliodanganyika wakaidhani ndiyo hotuba halisi. Favorino ndiye aliyeing'amua: hotuba inataja kuta za Athene zilizojengwa upya na jemadari Kononi, na kuta hizo zilijengwa miaka sita baada ya Sokrates kufa. Jambo moja dogo la tarehe liliiangusha kazi nzima.

Kipimo hichohicho hakiwaachi wanafunzi salama. Katika Menekseno ya Plato, Sokrates anaeleza matukio hadi amani ya mwaka 386, akiwa kaburini kwa miaka 13. Ksenofoni anasimulia karamu ya mwaka 422 akidai alihudhuria, naye wakati huo alikuwa mtoto wa miaka minane hivi. Hawakuwa wakijaribu kumlaghai msomaji wao. Mazungumzo ya Sokrates yalikuwa yamekuwa aina ya fasihi, na Aristoteli, katika kitabu chake juu ya ushairi, anayataja pamoja na michezo ya kuigiza.

Wanafunzi wengine walifungua shule, kila mmoja kwa njia yake. Antisteni alisifu kuishi kwa kidogo. Aristipo, mzaliwa wa Kirene katika pwani ya Libya ya leo, alisifu raha, na inasemwa alikuwa wa kwanza miongoni mwao kutoza ada. Mwalimu mmoja alizaa mafundisho yanayopingana, jambo linaloashiria kuwa aliacha zaidi maswali kuliko majibu. Aristoteli, aliyefika kwa Plato mwaka 367, anampa mzee mambo machache tu: kwamba alijishughulisha na maadili, na kwamba alitafuta maana ya jumla ya maneno. Nadharia kwamba maana hizo zina makao yao peke yake, nje ya vitu, Aristoteli anasema si ya Sokrates.

Kadiri habari zilivyosafiri, ndivyo zilivyochanganyika. Al-Kindi aliandika juu yake kwa Kiarabu katika karne ya 9, na kwa waandishi wa Kiarabu waliofuata, Sukrati ni mtawa aishiye ndani ya mtungi mkubwa. Mtungi huo ni wa Diogene mwingine, si Laertio: mwanafalsafa aliyemfuata Sokrates nyuma kwa kizazi kimoja.

Hoja ya mtu asiyeandika ilifika hata Nairobi. Katika miaka ya 1970, Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi alianza kuwatembelea wazee wenye hekima katika vijiji vya Kenya, baba yake akiwa mmoja wao, na kuwahoji juu ya Mungu, usawa na haki. Wakosoaji walipomwambia kwamba watu wasioandika hawawezi kuitwa wanafalsafa, aliwatajia Sokrates. Kisha, mwaka 1990, alichapisha kitabu chenye mahojiano hayo, maswali pamoja na majibu ya wazee.